Ratiba ya wiki 3: anatomia ya mguu mzima, nyonga hadi vidole

Naanza Jumatatu. Mtihani wa vibendera ni Jumamosi ya wiki ya 3, saa 3:00 asubuhi. Kila usiku saa 2:00 hadi 4:00 naingiza. Kila alfajiri saa 11:00 hadi 11:40 natoa yale ya jana kwenye karatasi tupu, kitabu kimefungwa. Mkono niliusoma kama gazeti, nikajiona mjuzi, kisha mezani nikakuta kibendera kwenye neva niliyoisoma mara kumi bila kuichora hata mara moja.

WIKI YA 1: mifupa, tako, paja

Jumatatu. Mifupa 30 bila kuhesabu wa nyonga: femuri, kilegesambwa, tibia, fibula, 7 ya tarsali, 5 ya metatarsali, 14 ya vidole. Majina peke yake hayatoshi. Nishike mfupa nimefumba macho, niseme ni wa kulia au kushoto, halafu niguse trokanta kubwa, linea aspera na shingo ya fibula.

Jumanne na Jumatano. Tako, siku mbili kamili. Ufunguo ni msuli wa piriformisi. Juu yake inatokea neva ya gluteali ya juu (L4–S1) kwenda gluteasi midiasi, minimasi na tensa fashia lata. Chini yake zinatoka gluteali ya chini (L5–S2), ambayo kazi yake ni gluteasi maksimasi tu, na siatiki (L4–S3). Nichore piriformisi kwanza, vingine vyote nivipange kwa kuitazama. Nijieleze kwa sauti kwa nini sindano huchomwa robo ya juu ya nje, na kwa nini mtu aliyeumia neva ya juu nyonga yake inaangukia upande wa pili anaposimama kwa mguu ule.

Alhamisi. Mbele ya paja na pembetatu ya femorali. Kutoka nje kwenda ndani: neva, ateri, vena.

Ijumaa. Ndani ya paja (obturata, L2–L4) na nyuma ya paja. Misuli ya nyuma ni ya neva ya tibia, isipokuwa kichwa kifupi cha bisepsi, ambacho ni cha neva ya fibula ya pamoja. Walimu wanaipenda hii.

Jumamosi. Maabara na mwenzangu wa chumba: yeye anaweka vibendera 20, mimi sekunde 60 kila kimoja, kisha tunabadilishana. Jumapili nalala.

WIKI YA 2: goti kushuka

Jumatatu. Goti. Meniski ya ndani imeshikana na ligamenti ya pembeni ya upande wa ndani, ndiyo maana huumia kuliko ya nje. Kano tatu zinazokutana upande wa ndani wa tibia, za sartoriasi, grasilisi na semitendinosasi, zina neva tatu tofauti: femorali, obturata, tibia.

Jumanne. Nyuma ya goti. Neva iko juujuu, vena katikati, ateri chini kabisa. Neva ya fibula ya pamoja niipapase mwenyewe inapozunguka shingo ya fibula. Ikikatika hapo, wayo unaning'inia.

Jumatano na Alhamisi. Vyumba vitatu vya mguu chini ya goti: mbele fibula ya kina, pembeni fibula ya juujuu, nyuma tibia. Nyuma ya fundo la ndani, kutoka mbele: tibialisi posteria, flexa dijitorum, ateri, vena, neva, flexa halusisi. Nimejitungia: «Tatu dada avae viatu na hereni», T-D-A-V-N-H. Inachekesha, basi imekaa.

Ijumaa. Wayo, tabaka nne. Nikijaribu kukariri kila msuli nitakesha. Njia ya mkato: neva ya wayo ya ndani ina minne tu (abdakta halusisi, flexa dijitorum fupi, flexa halusisi fupi, lumbrikali ya kwanza), mingine yote ni ya neva ya nje.

Jumamosi. Vibendera 30, pamoja na vya wiki ya 1.

WIKI YA 3: kuunganisha

Jumatatu, ateri kwa mstari mmoja usiokatika: femorali inapita tundu la adakta, inakuwa poplitea, inagawanyika kwenye ukingo wa chini wa msuli wa popliteasi. Jumanne, vena: safena kubwa mbele ya fundo la ndani, ndogo nyuma ya fundo la nje. Jumatano, dematomu, nazichora kwa kalamu kwenye mguu wangu: L4 ndani ya muundi, L5 mgongo wa wayo, S1 ukingo wa nje.

Alhamisi, daftari la makosa pekee. Kosa lililojirudia mara tatu linapata karatasi yake mlangoni.

Ijumaa nafunga saa 2:00 usiku, hata kama wayo bado unanichanganya.

Jumamosi alfajiri: tako mara moja, wayo mara moja, kwa kalamu. Karatasi nachana, naenda.