Wiki Yako ya Kwanza: Muswada wa Video kwa Aliyesilimu Juzi

Muda: kama dakika 11. Msemaji ni dada aliyesilimu miaka 12 iliyopita. Anayeonyesha udhu na swala ni maalimu wa madrasa yetu. Picha za nje ni za Mji wa Kale, Mombasa, za ndani ni za nyumbani kwa msemaji, Kisauni.

PICHA: Kichochoro cha Mji wa Kale kabla ya jua kutoka. Adhana ya alfajiri inasikika kwa mbali. Mzee aliyevaa kikoi anapita taratibu, tasbihi mkononi. Kisha sebuleni: msemaji ameketi mkekani, kikombe cha chai ya maziwa pembeni.

MSEMAJI: Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ukisalimiwa hivyo, jibu "Waaleikum salaam". Hilo tu linatosha kwa leo.

Karibu, ndugu yangu. Karibu, dada yangu. Kama umetoa shahada juzi au jana, najua ulivyo sasa hivi. Simu imejaa ujumbe. Huyu amekuletea kanzu, yule amekuletea buibui, mwingine amekupa mfuko wa vitabu. Mimi nilipewa saba, na ndani ya siku tatu watu wanne walikuwa wamenisahihisha swala yangu, kila mmoja kwa njia yake. Siku ya nne nilijifungia chumbani nikalia, na sikuswali mpaka wiki ikaisha. Hakuna aliyenitakia mabaya. Walinipa kwa siku tatu chakula cha mwaka mzima.

Kwa hiyo leo nakupa jambo moja: swala. Kurani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Wewe wiki hii shika swala tano, hata zikiwa na makosa. Hayo mengine nitakwambia yapi ya kugusa kidogo na yapi ya kuacha kwanza.

PICHA: Bafu. Ndoo, kopo, mtungi wa manjano wa lita 20.

MSEMAJI: Kwanza koga. Huku kunaitwa kukoga josho: unanuia moyoni, unamwagia mwili wote maji, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Kama hukuambiwa siku ya shahada, koga leo. Na yale ya nyuma yamefutwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Amri bin Al-Asi, alipokuja kusilimu, kwamba Uislamu huvunja yaliyokuwa kabla yake. Hulipi swala za miaka iliyopita. Usikubali mtu akuanzishie hesabu hiyo.

PICHA: Uani. Maalimu amekunja mikono ya kanzu, amechutama kwenye kigoda. Kamera karibu, mikononi.

MSEMAJI: Sasa udhu. Tazama mikono ya maalimu, usiandike kitu.

Ananuia moyoni, anasema Bismillahi. Anaosha viganja. Anasukutua. Anavuta maji puani kidogo na kuyapenga. Uso: kutoka maoteo ya nywele hadi chini ya kidevu, sikio hadi sikio. Mkono wa kulia mpaka ukapita kiwiko, kisha wa kushoto. Hapo kwenye kiwiko watu wengi huacha pakavu, angalia anavyopazungusha kiganja. Anapaka maji kichwani, anapitisha vidole masikioni. Mwisho miguu, kulia kisha kushoto, mpaka juu ya vifundo, na kidole kidogo cha mkono kinapita katikati ya vidole vya mguu.

Hivyo viungo vinne, uso, mikono, kichwa na miguu, vimetajwa katika sura ya Al-Maida, aya ya 6. Ukisahau kusukutua udhu wako umeswihi. Ukisahau mguu, rudi.

PICHA: Kopo lililobaki maji kidogo chini.

MSEMAJI: Angalia kopo. Hakufikisha hata lita moja. Mtume alikuwa akitawadha kwa kiasi hicho hicho, mudi moja. Nasema hivi kwa sababu nawajua walioko Bombolulu na Likoni wananunua maji ya mkokoteni kwa mtungi, wakidhani hawawezi kutawadha mara tano kwa siku. Mnaweza. Na ikiwa udhu wa Magharibi bado unao, swali nao Isha. Unavunjwa na haja kubwa, haja ndogo, kutoa upepo, na usingizi wa kulala kabisa. Yapo mengine, utajifunza.

PICHA: Paa la nyumba. Jua linachomoza. Msemaji amesimama, jua mkono wa kulia.

MSEMAJI: Hapa ndipo Mombasa ilipopewa tunu. Makka iko karibu sawasawa juu yetu kwenye ramani, kwa hiyo kibla chetu, upande tunaoelekea tukiswali, ni kaskazini. Wazee wa pwani hata neno la kaskazini kwao ndilo hilo, kibla, na kusini ni suheli. Huhitaji dira. Asubuhi, jua likitoka liwe mkono wako wa kulia, kule baharini. Ushaelekea.

Nyakati nazo haziyumbi sana, maana tuko karibu na ikweta. Alfajiri ingia nayo kama saa kumi na moja, na uswali kabla jua halijachomoza, rakaa 2. Adhuhuri baada ya saa sita na nusu, rakaa 4. Alasiri karibu saa kumi kasorobo, rakaa 4. Magharibi jua likizama, rakaa 3. Isha kama saa moja na nusu usiku, rakaa 4. Dakika hubadilika kidogo mwaka ukizunguka, lakini mji huu una misikiti kila mtaa. Mwadhini atakwambia.

PICHA: Mkeka, mswala juu yake. Maalimu anaswali rakaa mbili polepole. Msemaji anaeleza kwa sauti ya chini.

MSEMAJI: Anasimama, anainua mikono: Allahu akbar. Anasoma Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, aya 7. Anarukuu: anainama, mgongo umenyooka. Anasimama tena wima, hiyo ni itidali. Anasujudu: paji la uso, pua, viganja, magoti, ncha za vidole vya miguu. Anakaa. Anasujudu tena. Hiyo ni rakaa moja. Baada ya rakaa ya pili anakaa kwa tahiyatu, maneno ya kikao hicho, na kwenye kikao cha mwisho anatoa salamu, kulia, kushoto.

Sasa utaniuliza: na mimi Fatiha siijui?

Mtu mmoja alimwendea Mtume na swali hilo hilo, kwamba hawezi kuhifadhi chochote katika Kurani. Hakuambiwa asubiri mpaka ajue. Alifundishwa aseme: Subhanallah, walhamdulillah, wala ilaha illallah, wallahu akbar. Basi na wewe sema hivyo mahali pa Fatiha, huku unajifunza aya moja moja. Au andika Fatiha kwenye karatasi kwa herufi unazozijua, uishike mkononi usome. Kwenye madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, kusoma ukiangalia hakuharibu swala. Karatasi yangu ninayo mpaka leo.

PICHA: Karibu kabisa: karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, doa la mafuta ya mahamri pembeni. "Al-hamdu lillahi rabil-alamina" kwa kalamu ya buluu.

MSEMAJI: Ulimi ukikwama, usione haya. Anayesoma Kurani kwa taabu, akigugumia, Mtume amesema ana ujira mara mbili.

Dada yangu, ukiwa katika hedhi huswali, na ukitoharika huzilipi swala hizo. Koga, uendelee. Mimi hili hakuna aliyeniambia mwezi mzima.

PICHA: Mlango wa msikiti, Mji wa Kale. Viatu shubakani.

MSEMAJI: Msikitini utavua viatu, utatanguliza mguu wa kulia. Ukikuta watu wameshaanza, ingia nao pale walipo, na imamu akishatoa salamu, simama ukamilishe rakaa zilizokupita. Ukiswali Alfajiri misikiti mingi ya huku, kwenye rakaa ya pili baada ya rukuu, utaona watu wameinua mikono badala ya kwenda sijda. Usishtuke. Hiyo ni dua ya kunuti, nawe inua uitikie Amin.

Ndugu yangu wa kiume, Ijumaa hii nenda. Fika mapema, kaa usikilize hotuba, kisha ni rakaa 2 badala ya Adhuhuri. Sisi wanawake hatulazimiki. Ukibaki nyumbani, swali Adhuhuri yako 4.

PICHA: Sebuleni tena. Chai imekwisha.

MSEMAJI: Nyumbani sasa. Hapa nataka unisikilize sana.

Mamangu yuko Taita, ni mtu wa kanisa mpaka leo. Nilipompigia kumwambia, alinyamaza, kisha akakata simu. Mtu mmoja akanishauri nisimpigie tena mpaka naye asilimu. Nilimtii mtu huyo wiki mbili, na najuta kila siku yake. Sura ya Luqman, aya ya 15, inasema hata wazazi wakikusukuma umshirikishe Mungu, usiwatii katika hilo, lakini ishi nao duniani kwa wema. Na Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa Muislamu, alimuuliza Mtume kama amfanyie hisani, akaambiwa ndiyo, amuunge mama yake.

Kwa hiyo mpigie mama wiki hii. Usimhubirie. Muulize mvua imenyesha? Mguu unaendeleaje? Ukienda kula kwake, nguruwe na pombe waambie kwa upole huli wala hunywi. Samaki, maharage, mboga, kula ushibe. Maswali ya nyama na kichinjo mletee maalimu, usiyafungue jikoni kwa mama.

Na ukiteleza, ukanywa, swala ya baadaye usiiache kwa aibu. Ukilevuka, koga, tawadha, urudi kwenye mswala.

Yafuatayo yaache kwanza. Jina: si lazima ulibadilishe, labda liwe na maana mbaya. Mabishano ya kuandama kwa mwezi, ya maulidi, ya mikono ikunjwe wapi: utayasikia barazani, kunywa kahawa yako uondoke. Vitabu saba: weka juu ya kabati. Na mtu yeyote, hata awe na ndevu nzuri kiasi gani, akikutaka uwafiche wa nyumbani unakokwenda, au ukate jamaa zako, au akujaze hasira, mwache. Nenda kwa imamu wa mtaa wako, mchana, mbele za watu, umweleze.

PICHA: Dirishani mwanga unageuka rangi ya chungwa. Adhana ya Magharibi inaanza.

MSEMAJI: Haya, wameadhini. Video ijayo ni Fatiha, aya kwa aya, maalimu anasoma na wewe unafuatiza. Tafuta karatasi na kalamu.

(Anasimama, anakunja mikono ya nguo, anaelekea uani. Kamera inabaki kwenye mswala uliotandikwa. Maji yanasikika yakimiminwa kwenye kopo. Picha inafifia.)