TD ya Haki za Binadamu, kikao cha 6: Muuza mboga, mwenyekiti wa soko na sauti ya WhatsApp

Wanafunzi wangu, someni kesi hii mara mbili kabla ya kuingia oditori siku ya Alhamisi. Nimeitunga mwenyewe, lakini hakuna jambo ndani yake ambalo hamjawahi kulisikia Katuba au Ruashi.

Mama mmoja anauza lengalenga na matembele katika soko la mtaa hapa Lubumbashi. Soko lina meza 340. Komite iliomba kila meza faranga 5,000 za kujenga vyoo, jumla faranga 1,700,000, nayo ikatoa risiti. Miezi saba imepita. Usiku mmoja yule mama anatuma sauti katika grupu ya WhatsApp ya wauzaji, yenye watu 214. Anasema maneno manne:

«Tulitoa pesa za vyoo, na mpaka leo hakuna hata tofali moja.»
«Mwenyekiti ni mwizi, pesa zetu amezipeleka kwenye nyumba anayojenga Golf.»
«Kazi ya kuongoza soko haiwezi hata kidogo.»
«Na usiku halali kwa bibi yake, muulizeni.»

Mwenyekiti anapeleka malalamiko parke. Mama analala kasho siku mbili. Mbele ya Tribinali ya Amani, mwenyekiti anaomba afungwe, tena alipe dola 3,000 za fidia. Mtaji wote wa mama huyu ni dola 80.

Kila mwaka nikitoa kesi ya namna hii, nusu ya darasa inainua Katiba kifungu 23, uhuru wa kutoa maoni, na nusu ya pili inainua Kode ya Adhabu kifungu 74. Wanapigana kwa namba mpaka saa inaisha. Ninawaomba tusianze hivyo. Hakuna haki moja iliyo nzito kuliko nyingine kabla hatujajua ni neno gani hasa lilisemwa. Hapa yamesemwa maneno manne, na kila moja lina hukumu yake. Mwenye kuyatia yote katika kapu moja ameshakosea, hata kama jibu lake la mwisho ni zuri.

Kwanza sheria. Kifungu 23 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila mtu uhuru wa kusema, kwa sharti la kuheshimu sheria, utulivu wa watu wote na maadili mema. Kifungu 31 kinalinda maisha ya faragha. Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1976, yana pande zote mbili: kifungu 17 kinakinga heshima na jina la mtu, kifungu 19 kinakinga usemi. Aya ya 3 ya kifungu 19 inakubali usemi uwekewe mipaka, ila mpaka huo uwe umeandikwa katika sheria, uwe na shabaha inayokubalika (jina la mwenzako ni mojawapo), na uwe wa lazima. Neno hili «lazima» ndilo litakalotushughulisha. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu hautaji jina la mtu waziwazi. Mtaupata ulinzi huo katika kifungu 5 juu ya utu, na katika kifungu 27 kinachosema kila haki itumiwe kwa kuheshimu haki za wengine.

Sasa kifungu 74 cha Kode ya Adhabu ya mwaka 1940. Kinamwadhibu anayemtupia mtu, kwa nia mbaya na hadharani, jambo mahususi linaloweza kuharibu heshima yake au kumfanya adharauliwe na watu. Kifungo ni siku nane hadi mwaka mmoja. Tafuteni humo neno «uongo»: halimo. Kwa maandishi yake, hata aliyesema ukweli anaweza kushtakiwa. Kinyume chake, Kanuni ya 21 ya Tamko la Kamisheni ya Afrika la mwaka 2019 inasema mtu asiadhibiwe kwa kusema kweli, wala kwa maoni, wala kwa neno ambalo hali ilimpa sababu ya haki ya kulisema. Tamko halina nguvu ya mkataba, sawa, ila linafafanua kifungu 9 cha Mkataba wa Afrika. Na kifungu 215 cha Katiba yetu kinaweka mikataba juu ya sheria za nchi. Avoka mwerevu ataingilia mlango wa «nia mbaya»: anayewaambia wenye pesa habari ya pesa zao, nia yake mbaya iko wapi?

Turudi kwa mama. Neno la kwanza ni kweli, risiti zipo na vyoo havipo. Linalindwa kabisa. Neno la tatu ni maoni. Mahakama ya Ulaya ilisema tangu mwaka 1986, katika kesi ya Lingens dhidi ya Austria, kwamba maoni hayathibitishwi kama jambo lililotendeka, na kwamba kiongozi avumilie ukosoaji kuliko mtu wa kawaida. Mwenyekiti wa soko ni kiongozi mdogo, lakini anashika pesa za watu. Avumilie.

Neno la pili ndilo gumu, na hapa ninataka mkae. Msiwe wepesi kumcheka mwenyekiti. Sokoni jina ndilo mtaji: mtu akiitwa mwizi, hakuna atakayemkabidhi tena likelemba, na hakuna atakayemkopesha gunia la unga. Tena mnajua wenyewe kelele ya «mwizi!» inavyoweza kuleta mawe kabla ya polisi. Jina hapa linakinga mpaka mwili. Kwa hiyo ulizeni: mama alikuwa na nini mkononi? Alijua pesa hazionekani, aliona nyumba inapanda, akaunganisha. Je, aliwahi kuomba hesabu? Akikataliwa hesabu mara tatu, shaka yake ina msingi kuliko akiwa hakuuliza hata siku moja. Kwa upande wangu, kutokana na faili hii, ninaona alivuka mpaka: angeweza kusema «tunataka hesabu» na angelindwa kila mahali.

Neno la nne halihusu vyoo wala pesa. Hata likiwa kweli, soko halina haki ya kulijua. Hapo kifungu 31 kinashinda bila mjadala mrefu.

Kuvuka mpaka hakumpeleki mtu kasho moja kwa moja. Mnamo tarehe 5 Desemba 2014, Mahakama ya Afrika huko Arusha iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mwandishi wa Burkina Faso aliyehukumiwa miezi 12 kwa makala kuhusu mwendesha mashtaka. Ilisema kifungo kilikiuka uhuru wake. Haikufuta kosa lenyewe. Iliacha faini, nazo zipimwe. Mahakama Kuu ya Kenya ilikwenda mbali zaidi tarehe 6 Februari 2017, ikaondoa kabisa kosa la jinai la kuchafua jina. Kwetu bado kifungu 74 kipo, lakini kuna njia ya madai, kifungu 258 cha Kode ya Kiraia, Kitabu cha Tatu: aliyedhuru kwa kosa lake, afidie. Fidia ipime madhara. Dola 3,000 kwa mwenye mtaji wa dola 80 ni kumfunga mdomo maisha, pamoja na wauzaji wengine wote wanaotazama.

Kazi ya Alhamisi, ukurasa mmoja kwa mkono, kila mtu peke yake: andikeni dispozitifu ya hukumu, mkiamua kila neno mbali na jingine. Kisha badilisheni jambo moja. Siku mbili baada ya ile sauti, mwenyekiti analeta bordero ya benki: faranga 1,700,000 zote zipo, ujenzi ulisimama kwa sababu komuni haijatoa ruhusa. Mama anaiona, ananyamaza, na sauti yake inaendelea kutumwa kutoka grupu moja hadi nyingine. Niambieni kama kunyamaza kule kunageuza hukumu yenu, na kwa neno lipi kati ya yale manne.