Pleksasi ya Brakia: Jedwali la Mizizi, Neva, Misuli na Dalili za Jeraha

Notsi za kikundi cha diskasheni, mwaka wa pili, Moshi

Wenzangu, notsi zetu za kiungo cha juu zilikuwa zimetapakaa: mizizi kwenye daftari moja, misuli kwenye slaidi, majeraha kwenye karatasi za wodini. Nimezikusanya hapa. Jedwali lenyewe nimelipanga kwa mahali pa jeraha, ndiyo maana neva ya radiali, ya mediani na ya ulna zina mistari zaidi ya mmoja. Neva moja ikiumia kwapani haitoi mkono ule ule inaoutoa ikiumia kwenye kifundo, na maswali ya mtihani hukaa hapo hapo.

Njia kutoka shingoni hadi kwapani

Mizizi ni matawi ya mbele ya neva za uti wa mgongo C5, C6, C7, C8 na T1. Inatokea shingoni kati ya misuli ya skaleni ya mbele na ya kati. C5 na C6 zinaungana kuwa shina la juu, C7 inaendelea peke yake kama shina la kati, na C8 na T1 zinakuwa shina la chini. Kila shina linagawanyika nyuma ya mtulinga: tawi moja mbele, moja nyuma.

Matawi matatu ya nyuma yanaungana kuwa kamba ya nyuma. Matawi ya mbele ya shina la juu na la kati yanatengeneza kamba ya nje, na tawi la mbele la shina la chini linaendelea kuwa kamba ya ndani. Majina ya kamba yanafuata zilivyokaa kuzunguka sehemu ya pili ya ateri ya kwapa, ile iliyo nyuma ya msuli wa pektoralisi mdogo. Ukiishika ateri vizuri kwenye maiti, kamba zote tatu unazipata.

Kanuni moja inapunguza kazi kubwa: kilichotoka kwenye matawi ya nyuma kinakwenda kwa misuli inayonyoosha, na kilichotoka mbele kinakwenda kwa misuli inayokunja. Ndiyo sababu radiali, iliyo tawi la kamba ya nyuma, inanyoosha kiwiko, kifundo na vidole.

Jedwali la kwanza: mizizi na mashina

| Sehemu | Namna ya kuumia | Misuli inayodhoofika | Kinachoonekana |
|---|---|---|---|
| Shina la juu, C5 na C6 (kupooza kwa Erb) | Shingo na bega kuvutwa mbali: bodaboda kuangukia bega, mtoto kukwama bega wakati wa kuzaliwa | Deltoidi, supraspinatasi, infraspinatasi, bisepsi, brakialisi | Mkono unaning'inia kando ya mwili, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Ganzi upande wa nje wa mkono |
| Shina la chini, C8 na T1 (kupooza kwa Klumpke) | Mkono kuvutwa juu kwa nguvu: kudaka tawi wakati wa kuanguka mtini, kuvutwa mkono wakati wa kuzaliwa | Misuli midogo yote ya kiganja, pamoja na baadhi ya misuli inayokunja vidole | Vidole kama makucha, ganzi upande wa ndani wa kigasha na kiganja. T1 ikiumia karibu na uti: kope kushuka, mboni kuwa ndogo, upande huo wa uso kutotoa jasho |

Dalili za jichoni huitwa sindromu ya Horner. Zinatokea kwa sababu nyuzi za simpathetiki za kichwa zinatoka kwenye uti wa mgongo pamoja na T1. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kiganja dhaifu tazameni macho yake kabla ya kurudi mkononi.

Kwenye kupooza kwa Erb kuna swali zuri ambalo wengi hulipita: je, jeraha liko kwenye shina au kwenye mizizi yenyewe? Neva ya skapula ya mgongoni (C5) na neva ndefu ya kifua (C5, C6, C7) zinatoka moja kwa moja kwenye mizizi. Mgonjwa akiweza kuvuta skapula nyuma kwa romboidi, na skapula isichomoze anaposukuma ukuta, matawi hayo yamebaki mazima na jeraha liko mbele zaidi. Yakiwa yamekufa yote mawili, ogopeni kwamba mzizi umeng'oka kwenye uti, na hilo ni jeraha zito kuliko kuvutika tu.

Jedwali la pili: neva

| Neva na mizizi | Misuli inayohudumiwa | Mahali na sababu | Kinachoonekana |
|---|---|---|---|
| Ndefu ya kifua, C5–C7 | Seratasi ya mbele | Upasuaji wa titi au kwapa, kisu ubavuni | Skapula inachomoza kama bawa anaposukuma ukuta. Hainui mkono vizuri juu ya bega |
| Suprascapula, C5–C6 | Supraspinatasi, infraspinatasi | Kubanwa kwenye nochi ya skapula | Kuanza kuinua mkono na kuugeuza nje kunadhoofika |
| Maskulokutaneasi, C5–C7 | Korakobrakialisi, bisepsi, sehemu kubwa ya brakialisi | Jeraha la kuchomwa kwapani | Kukunja kiwiko na kugeuza kiganja juu kunadhoofika. Ganzi upande wa nje wa kigasha |
| Ya kwapa, C5–C6 | Deltoidi, teresi mdogo | Shingo ya upasuaji ya humerasi kuvunjika, bega kuteguka kwenda mbele | Kuinua mkono kunadhoofika sana, bega linabapa, ganzi sehemu ya chini ya deltoidi |
| Radiali, C5–T1, kwapani | Trisepsi na misuli yote inayonyoosha kifundo na vidole | Magongo yanayobana kwapa | Kifundo kinaanguka, na kiwiko pia hakinyooki |
| Radiali, mfereji wa mzunguko | Kama hapo juu, trisepsi kwa kawaida inabaki | Katikati ya humerasi kuvunjika | Kifundo kinaanguka, ganzi mgongoni mwa kiganja kati ya gumba na shahada |
| Radiali, tawi la ndani la nyuma | Misuli inayonyoosha vidole na gumba | Kubanwa chini ya kiwiko, ndani ya supineta | Vidole havinyooki; kifundo kinanyanyuka lakini kinaelekea upande wa gumba; hakuna ganzi ya ngozi |
| Mediani, C5–T1, kiwikoni | Misuli mingi inayokunja kwenye kigasha, misuli ya gumba, lumbrikali 2 za nje | Humerasi kuvunjika juu ya kiwiko, hasa kwa watoto | Akijaribu kufunga ngumi shahada na cha kati vinabaki wima. Kiganja hakigeuki chini vizuri |
| Mediani, kifundoni | Misuli ya gumba, lumbrikali 2 za nje | Handaki la kapali | Ganzi na kuwashwa usiku kwenye gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kilima cha gumba kinakonda |
| Ulna, C8–T1, kiwikoni | Fleksa ya kapi ya ulna, nusu ya ndani ya fleksa ndefu ya vidole, misuli midogo mingi ya kiganja | Nyuma ya epikondili ya ndani | Ganzi kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Makucha madogo |
| Ulna, kifundoni | Interosei, lumbrikali 2 za ndani, aduktari ya gumba, kilima cha kidole cha mwisho | Panga au kioo kifundoni | Makucha yanaonekana zaidi. Vidole havisogei kupanuka wala kukutana |

Mahali pa kutulia

Ulna. Kwa nini jeraha la chini, karibu na kiganja, linaleta makucha makubwa kuliko lile la kiwikoni? Kucha linatokea pale lumbrikali na interosei zinaposhindwa kukunja kiungo cha shina la kidole huku misuli mirefu ikiendelea kukunja viungo vya mbele. Jeraha likiwa kiwikoni, nusu ya ndani ya fleksa ndefu ya vidole nayo imepooza, hivyo hakuna wa kuvuta ncha za vidole. Likiwa kifundoni, fleksa hiyo ni nzima na inavuta bila kizuizi. Neva ya kiwikoni inapoanza kupona, kucha linaweza kuongezeka kabla ya kupungua; mwambieni mgonjwa mapema asije akadhani hali yake inaharibika.

Kipimo cha Froment: mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha uivute. Aduktari ya gumba ikiwa imekufa, ncha ya gumba inakunjika, kwa sababu anasaidiwa na fleksa ndefu ya gumba inayoletwa na mediani. Pimeni mikono yote miwili kwa pamoja, mlinganishe.

Kutenganisha ulna na T1. Zote zinaleta makucha. Lakini T1 ikiumia, misuli ya gumba inayopata mediani nayo inadhoofika, na ngozi ya upande wa ndani wa kigasha inapata ganzi. Ngozi ile inatoka kwa neva ya ndani ya ngozi ya kigasha, tawi la kamba ya ndani, siyo ulna. Ganzi ikiishia kifundoni fikirieni ulna. Ikipanda kigashani pandeni nayo hadi kwenye kamba au mzizi.

Mediani kwenye handaki la kapali. Ngozi ya katikati ya kiganja inabaki na hisia, kwa kuwa tawi lake linatoka kabla ya handaki na kupita juu ya ukanda wake. Kiganja chenyewe kikiwa na ganzi pamoja na vidole, tafuteni tatizo juu ya kifundo.

Radiali. Mgonjwa aliyeangusha kifundo bado ataweza kunyoosha ncha za vidole, kwa sababu interosei na lumbrikali zinafanya kazi hiyo. Msidanganyike. Shikilieni kifundo chake kikiwa kimenyooka, kisha mwambieni anyanyue vidole kuanzia shina. Kwa njia hiyo hiyo, kabla ya kupima ulna yake inyoosheni kifundo kwanza, maana kwenye kifundo kilichoanguka hata interosei nzima hufanya kazi kwa udhaifu. Na asipoweza kunyoosha kiwiko pia, rudini kwapani mkaulize habari za magongo.

Neva ya kwapa. Bega likiuma, mgonjwa hatainua mkono hata neva ikiwa nzima. Wekeni kiganja juu ya deltoidi, mwambieni asukume kiwiko nje dhidi ya mkono wenu bila kusogea, msikilize msuli ukikaza. Kupima hisia peke yake hakutoshi, na bega lililoteguka lazima lipimwe neva hii kabla ya kurudishwa na baada ya kurudishwa.

Kesi za kujipima, jedwali likiwa limefunikwa

Dereva wa bodaboda aliyeangushwa barabara ya Arusha, bega la kulia chini na shingo imepindia kushoto. Mkono umelala kando ya mwili, hawezi kukunja kiwiko, anafunga ngumi vizuri. Semeni shina, mizizi, na misuli mitatu ya kuthibitisha. Kisha semeni mtapima nini kujua kama mizizi imeng'oka.

Mchumaji wa parachichi Marangu ameteleza, akadaka tawi kwa mkono mmoja. Sasa hashiki kalamu, na kope la upande huo limeshuka.

Mtoto wa miaka 6 ameangukia mkono ulionyooka, kiwiko kimevimba. Anashindwa kutengeneza duara kwa gumba na shahada, lakini ngozi ya vidole ina hisia zote. Hapo ni tawi la ndani la mbele la mediani: linakunja ncha ya gumba na ya shahada, halina ngozi. Wengi wetu tungesema neva ni nzima kwa sababu hisia zipo, ndiyo maana nimeandika jibu lake kabisa. Msisahau kupima pia mapigo ya ateri ya radiali kwenye mkono huo, kwa kuwa ateri ya brakia inapita jirani na mediani pale kiwikoni.

Jumamosi saa nne tukutane chumba cha diskasheni. Kila mmoja aje na karatasi tupu, achore pleksasi kutoka mizizi hadi matawi kabla hatujafungua notsi. Anayechukua ulna na radiali awe tayari kupima mkono wa mwenzake mbele ya wote.