Karatasi zako tatu za kolesteroli

Mama Njeri, habari ya nyumbani?

Jana foleni ilikuwa ndefu nikakuharakisha, niwie radhi. Njeri aliniomba nikuandikie yale niliyokuwa nayasema, myasome pamoja polepole. Zitandaze zile karatasi tatu za maabara mezani, mzipange kwa tarehe.

Anza na ya Februari. Mstari wa juu ni jumla, 6.4. Usikae hapo, maana jumla huchanganya mafuta mabaya na mazuri. HDL, yaani yale mazuri, ni 1.0. Hayo ndiyo husaidia kuyarudisha mafuta kwenye ini, na kwa mama tungependa yapite 1.2. Traigliseraidi ni 2.2, juu kidogo ya 1.7 tunayoitaka. Hiyo hushuka ukipunguza soda na sukari ya chai, na sukari yako ya damu ikitulia.

Sasa weka kidole kwenye LDL, yale mafuta mabaya: 4.4. Hiyo ndiyo ninayokugombeza nayo. Mtu mwenye presha na sukari kama wewe, tunataka iwe chini ya 1.8. Najua karatasi yenyewe imechapisha kiwango cha juu zaidi pembeni, na Njeri aliniuliza mbona. Kile ni cha watu wote kwa jumla. Chako ni kikali zaidi kwa sababu mishipa yako tayari ina maadui wawili.

Karatasi ya pili, ya mwanzo wa Aprili, baada ya wiki sita za atovastatini, kile kidonge cha kolesteroli, ya miligramu 20: LDL 2.7. Bado hatujafika, lakini imeshuka sana. Ndipo ukasema umepona, ukaacha. Sikulaumu, dawa ya malaria ndivyo inavyotumika: unamaliza dozi, mambo yamekwisha. Karatasi ya tatu ni ya wiki jana: 4.3. Imerudi ilikotoka, na chakula hujabadilisha. Hapo hunihitaji mimi kukueleza, karatasi zako zimesema.

Kwa nini ilirudi? Kolesteroli nyingi haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na ini lako mwenyewe, kila siku, hata ukila sukuma wiki na ugali mtupu. Ndiyo maana dada yako anakula mutura kila Jumamosi na kipimo chake kiko sawa, nawe mwembamba unapanda. Kidonge kinazuia ini kutengeneza nyingi. Likikosa ya kutosha, ini linaanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ukiacha kidonge, ini linarudia kazi yake ya zamani, na baada ya wiki chache kipimo kimepanda tena.

Ulinisisitizia kwamba huumwi popote, unapanda ngazi hadi ghorofa ya nne na ndoo ya maji. Nakuamini kabisa. Lakini fikiria birika lako la maji ya kisima. Chai inatoka tamu kila asubuhi, na ndani kuna ukoko mweupe ambao hakuna mgeni aliyewahi kuuonja. Mshipa nao hauumi unapojaa. Tofauti ni kwamba ukoko wa mshipa si mgumu wote. Mwingine ni kama uji uliopoa ukashika ngozi juu. Siku ngozi ile ikichanika, damu inaganda pale pale na kuziba njia. Ikiwa ni moyoni, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni kichwani, ni kiharusi. Kwa wengi hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Kidonge hupunguza mafuta yanayoingia humo na huifanya ile ngozi iwe imara, kazi ya miaka, si ya wiki.

Nimekuandikia miligramu 40 sasa. Meza kimoja kila siku, saa yoyote, mradi iwe ile ile. Kiweke pamoja na cha presha usisahau. Ukikosa siku moja, endelea kesho na kimoja, usimeze viwili.

Jirani alikwambia kinaharibu misuli. Wapo wanaoumwa misuli, na mara nyingi tukipunguza dozi au tukibadilisha aina hutulia, kwa hiyo njoo uniambie kabla ya kuacha. Ila misuli ikilegea au kuuma sana, mkojo ukawa kama strungi, au macho yakawa ya manjano, acha dawa siku hiyo hiyo uje, usingoje kliniki. Na ukienda duka la dawa kutafuta antibayotiki, waonyeshe pakiti hii kwanza, kwani baadhi hazipatani nayo.

Usipunguze vya presha na sukari ukidhani hiki kinatosha. Mafuta ya kukaangia chapati punguza, lakini sikunyimi chapati.

Damu tutapima tena baada ya wiki nane, Jumanne asubuhi. Njoo umekunywa chai yako, kipimo hiki hakitaki ufunge. Pakiti nayo uje nayo, hata kama imebaki vidonge.