Entropia, Gibbs na tanuri la chokaa: mmenyuko huwa wa hiari lini?

Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni CaCO₃. Ukutani Mji Mkongwe hukaa miaka na miaka bila kubadilika, lakini likichomwa tanurini hutoa gesi, ikabaki chokaa:

CaCO₃(s) → CaO(s) + CO₂(g)

Hapa badiliko la enthalpi, ΔH° = +178.3 kJ/mol, yaani mmenyuko unafyonza joto. Badiliko la entropia, ΔS° = +160.6 J/(K·mol). Entropia hupima wingi wa namna ambazo chembe na nishati zinaweza kujigawa, na gesi ina namna nyingi mno kuliko yabisi. Ndiyo maana kabla ya kushika kikokotoo, hesabu kwanza moli za gesi kila upande. Alama ya ΔS mara nyingi utaijua hapo hapo.

Kinachoamua ni badiliko la nishati huru ya Gibbs, ΔG = ΔH − TΔS, kwa jotoridi na kanieneo visivyobadilika. ΔG ikiwa hasi, mmenyuko ni wa hiari, yaani unaweza kwenda wenyewe bila kusukumwa. Ikiwa chanya, wa hiari ni ule wa kurudi. Ikiwa sifuri, kuna msawazo.

Kwa 25 °C, T = 298 K:

ΔG° = 178.3 − 298 × 0.1606 = +130.4 kJ/mol

Ukuta uko salama. Kwa 1200 K:

ΔG° = 178.3 − 192.7 = −14.4 kJ/mol

Mpaka wenyewe ni T = ΔH/ΔS = 178.3/0.1606 ≈ 1110 K, karibu 837 °C. Tumechukulia kwamba ΔH na ΔS havibadiliki na jotoridi, makadirio yanayotosha kwa sasa. Tena hiyo ni kwa CO₂ yenye kanieneo ya 1 bar. Hewa ikipita na kuiondoa gesi, jiwe huanza kuvunjika chini ya hapo.

Alama za mtihani zinapotea wapi? Kwenye vizio. Ukiacha 160.6 katika juli utapata kama −47,700 kJ/mol, jibu la kipuuzi linalojitangaza lenyewe. Kosa baya zaidi ni kutia 25 badala ya 298: unapata +174.3, alama ni sahihi, na huna habari kwamba umekosea.

Sasa zima chokaa hiyo kwa maji: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. ΔH° = −65.2 kJ/mol, ΔS° = −26.3 J/(K·mol). Entropia ya mfumo inapungua, na bado pipa linachemka. Joto linalotoka huongeza entropia ya mazingira kwa 65,200/298 ≈ +219 J/(K·mol), kwa hiyo jumla ni karibu +193. Sheria ya pili ya termodinamiki inaangalia jumla hiyo, na ΔG° = −57.4 kJ/mol ni hesabu ile ile kwa sura nyingine. Huu jotoridi kubwa huudhoofisha, kinyume cha ule wa tanurini. ΔH hasi na ΔS chanya ni wa hiari daima. Kinyume chake, kamwe.

Ila ΔG haisemi lolote kuhusu kasi. Kuni huungua kwa hiari hata kwa 25 °C, kwa mujibu wa ΔG, lakini rundo lake linakaa bandani mpaka mtu awashe kiberiti.