YAH: MAOMBI YA KAZI YA OFISA TAKWIMU NA MAZINGIRA

Neema Mazengo,
Nkuhungu, Dodoma.
12 Mei 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kampuni ya Urejelezaji Taka,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania, mhitimu wa Shahada ya Sayansi ya Mazingira ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na ninaomba nafasi mliyoitangaza.

Kwa utafiti wangu wa mwisho nilichambua taka za Soko la Majengo, nikizitenganisha na kuzipima kwa mizani pamoja na waokota chupa, ambao kwa maoni yangu ndio wanaoujua mkondo wa plastiki kuliko mtu yeyote. Huko nilibaini kuwa chupa zenye maji au mchanga ndani hupandisha uzito na kupotosha hesabu za ununuzi. Kwa hiyo kila gunia nililipima kabla na baada ya kulimwaga na kukung'uta chupa, nikaandika vipimo vyote viwili.

Takwimu nilizikusanya kwa simu kupitia KoboCollect, nikazisafisha na kuzichanganua kwa programu ya R, kisha nikachora kwa QGIS ramani ya vituo vya kukusanyia taka. Ningependa kuwajengea kumbukumbu za namna hiyo, zitakazoonyesha malighafi inatoka mtaa gani, ikiwa na ubora gani, na kiasi gani hupotea kabla ya kufika kiwandani.

Nimeambatisha wasifu wangu na nakala za vyeti. Niko tayari kwa usaili siku yoyote mtakayoniita.

Wako mtiifu,
Neema Mazengo