YAH: Raundi za masahihisho ya video ya harusi

Sinza, Dar es Salaam
12 Agosti 2024

Dada Neema,

Habari za shughuli, na poleni kwa uchovu. Klipu zote 214 zimefika na nimeshazipitia. Kabla sijakutumia rasimu ya kwanza Jumamosi hii, naomba tuelewane jinsi tutakavyosahihisha, maana video inatakiwa iwe tayari kabla ya tarehe 7 Septemba mnapokutana kuvunja kamati.

Bei tuliyopatana, shilingi 350,000, ni ya video moja ya dakika 12 hadi 15 na raundi tatu za masahihisho. Raundi moja ni orodha moja ya maoni, imekusanywa yote na kutumwa kwa pamoja. Ukinitumia jambo moja asubuhi, lingine mchana na la tatu usiku wa manane, nitayaweka pembeni mpaka uniambie "orodha imekamilika".

Raundi ya kwanza ndiyo kubwa. Hapo angalia mpangilio: nini kianze, nani hajaonekana, wapi panachosha, hotuba ipi ikatwe. Usijali rangi wala sauti kupanda na kushuka, bado sijazigusa. Kama Shangazi wa Bukoba lazima aonekane akicheza, huu ndio wakati wa kusema. Baada ya hapo nafunga mpangilio, kisha napanga muziki na maandishi juu yake. Ukiondoa tukio la sekunde 20 katikati wakati huo, kila kilicho mbele yake kinasogea, wimbo unakatika pasipo mahali pake, na kazi inarudi nyuma. Raundi ya pili ni ya muziki, rangi na maandishi. Ya tatu ni ya vitu vidogo tu: herufi, sauti ya sehemu fulani, sekunde moja ya kupunguza.

Rasimu ya kwanza utaipata tarehe 17, nami nitasubiri maoni yako hadi tarehe 22. Ya pili itakuja tarehe 27, maoni hadi tarehe 30. Ya tatu ni tarehe 2 Septemba, maoni hadi tarehe 4, na video kamili utaipata tarehe 6. Siku ya mwisho ikipita kimya, nitachukulia umeridhika na raundi hiyo.

Sasa suala la kamati. Najua kwenye lile kundi la WhatsApp kila mtu alichanga na kila mtu ana haki ya kutoa maoni. Watoe, lakini wakupe wewe. Mimi nitafuata orodha yako peke yake, hata Mwenyekiti akinipigia, na naomba umweleze mapema asije akaona nimemdharau. Pale upande wa bwana harusi na upande wenu mkitofautiana, malizaneni kwanza. Nikipokea "toa" na "usitoe" kwenye orodha moja, siwezi kuamua mimi.

Andika dakika na sekunde, hivi: "02:14, toa kijana anayekatiza mbele ya keki." Maoni kama "haijachangamka" hayanisaidii mpaka nijue ni wapi.

Kuna mambo ambayo raundi hata kumi hazitayaleta, kwa kuwa klipu zilipigwa na ndugu kwa simu zao. Kuvishana pete kumepatikana kwenye simu moja tu, iliyoshikwa wima, na kwa sekunde chache kuna kichwa cha mtu mbele. Hotuba ya Baba Mdogo ina mlio wa jenereta. Nimeupunguza, nikizidisha, anasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Klipu za send-off zilizopitia WhatsApp kama video za kawaida zimeshabanwa, ukungu ule hauondoki. Aliyepiga akiwa bado nazo, azitume upya kama dokumenti au aziweke Google Drive, kabla ya tarehe 17.

Klipu zitakazokuja baada ya raundi ya kwanza kufungwa, wimbo kubadilishwa baada ya raundi ya pili, au kipande kifupi cha kuweka status, hizo ni kazi mpya. Raundi ya ziada ni shilingi 40,000, nami nitakutajia gharama kabla sijaanza. Makosa yangu, kama jina kukosewa au midomo kutoendana na sauti, narekebisha bure na hayahesabiwi.

Rasimu zitakuwa na neno RASIMU juu ya picha, kwa hiyo usizisambaze kwenye kundi kama video kamili. Nakala safi itatoka salio la 175,000 likishalipwa.

Ukiridhika, nijibu "nimekubali" na unithibitishie jina la bibi harusi linavyoandikwa: kwenye kadi ni Jackline, kwenye keki waliandika Jacqueline.

Wako katika kazi,
Juma, mhariri wa video